Mhakiki kasema data zangu "si za kawaida". Msimamizi kanizuia nisitume jibu, kaniandikia barua hii

Mabaki87 (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu. Naleta kisa changu kwa sababu naona watu wengi hapa wanakwama palepale nilipokwama mimi. Msimamizi ameniruhusu niibandike barua yake, nimeondoa majina tu na kugeuza namba kidogo ili makala yetu isitambulike.

Utafiti ni wa watu 87. Kundi la watu 45 walifundishwa kazi fulani kwa njia mpya, 42 kwa njia ya zamani, kisha tukapima kila mmoja ametumia dakika ngapi kuimaliza. Tulitumia rigresheni ya mstari, ndani yake tukaweka kundi na alama za awali za kila mtu. Jibu letu ni kwamba njia mpya inapunguza dakika 6.2.

Mhakiki wa pili akaandika hivi: "Muda wa kumaliza kazi hauna mgawanyo wa kawaida, histogramu ya waandishi wenyewe inaonyesha. Wafanye upya uchambuzi wote kwa vipimo visivyotegemea mgawanyo."

Mimi kwa hasira nikaandika mistari minne: sampuli yetu imepita 30, kwa hiyo hoja yake haina msingi. Nikampelekea msimamizi aipitie. Kesho yake ikaja hii:

> Binti yangu,
>
> Rasimu yako nimeisoma. Usiitume. Hasira si tatizo, itapoa. Tatizo ni hiyo 30. Mhakiki akikuuliza umeitoa wapi utamjibu nini? Hakuna mtu aliyewahi kuthibitisha kwamba kuna mlango unafunguka ukifika 30. Data zilizoinama kidogo hutulia hata kwa watu 20, na zenye mkia mrefu sana zinaweza kukusumbua ukiwa na 200. Inategemea umbo lake, na umbo lake hujamwonyesha.
>
> Kwanza tuelewe amelalamikia nini. Ameangalia histogramu ya dakika zenyewe. Rigresheni haikuomba dakika ziwe na umbo la kengele. Inachokizungumzia ni mabaki, yaani kile kinachobaki baada ya kundi na alama za awali kuchukua sehemu yao. Ukichanganya makundi mawili yenye wastani ulio mbali, histogramu ya jumla inaweza kutoka na nundu mbili kama ngamia, na bado ndani ya kila kundi mambo yakawa safi kabisa. Kwa hiyo histogramu ile haimpi ushahidi anaodhani anao. Na sisi ndio tuliomwekea ile histogramu mbele ya macho, tusimlaumu sana.
>
> Jana usiku nilichora mabaki. Kwenye mchoro wa Q-Q nukta zinafuata mstari vizuri hadi karibu na mwisho wa juu, kisha nne zinachomoka. Ni watu wanne waliochelewa mno kuliko modeli ilivyotarajia. Shapiro-Wilk kwenye mabaki inatoa p = 0.02. Namba hiyo usiifurahie wala usiiogope. Kipimo kile ukikipa watu 12 hakioni kitu, ukikipa watu 5,000 kinapiga kelele kwa kila kijikasoro. Kinauliza kama umbo ni kengele kamili, na data za watu hazijawahi kuwa kengele kamili. Swali letu sisi ni kama kasoro hii inaharibu tunachokidai.
>
> Sasa tunadai nini? Tunadai mambo mawili tofauti, na hapa ndipo rasimu yako ilipoteleza.
>
> Dai la kwanza ni zile dakika 6.2, na masafa yake ya uhakika ya 95%, kuanzia 2.0 hadi 10.4. Hilo ni dai juu ya wastani. Makosa ya watu 87 yanapojumlishwa, yanayozidi na yanayopungua hufutana, na wastani hutulia hata kama mtu mmoja mmoja hajatulia. Lakini usimwombe mhakiki aamini hivyo. Mwonyeshe. Rudia hesabu kwa makosa sanifu ya HC3, halafu kwa butstrapu ya mizunguko 10,000. Mimi nimepata 1.8 hadi 10.6 kwa HC3, na 2.1 hadi 10.7 kwa butstrapu. Ukiweka masafa hayo matatu kwenye mstari mmoja wa jedwali, hutahitaji aya nzima ya kubishana.
>
> Dai la pili ni Jedwali la 4, lile ulilolipenda, linalomwambia mkufunzi kwamba mtu mwenye alama fulani atamaliza kati ya dakika kadhaa na kadhaa. Hapo mhakiki ana haki, ingawa yeye mwenyewe hakupagusa. Ukitabiri mtu mmoja hakuna wastani wa kukuokoa, kwa sababu hana mwenzake wa kufutana naye makosa. Masafa yale yamejengwa moja kwa moja juu ya umbo la kengele. Angalia mstari wa kwanza: mtu mwenye alama za juu tumemwambia atamaliza kati ya dakika -3 na 37. Binti yangu, hakuna anayemaliza kazi kabla hajaianza. Tumelisoma jedwali hilo watu wanne na hakuna aliyeshtuka, mimi nikiwemo.
>
> Lifanye upya Jedwali la 4 kwa logarithimu ya dakika. Mtu yuleyule anatoka kati ya dakika 9 na 28, jambo linaloingia akilini. Kwenye logarithimu pia wale wanne wanarudi karibu na mstari, na tofauti ya makundi inasomeka kama uwiano: njia mpya inachukua takriban 82% ya muda wa njia ya zamani, masafa yake 73% hadi 93%. Hilo liweke kwenye kiambatisho. Matokeo makuu yabaki kwa dakika, kwa sababu ndivyo tulivyoandika kwenye mpango wa utafiti kabla ya kuona data.
>
> Kuhusu Mann-Whitney anayoidokeza: mpe kama nyongeza akitaka, ila mweleze kwamba inaziacha nje alama za awali, na kwamba inajibu swali jingine. Inauliza mtu wa kundi hili ana nafasi gani ya kumaliza kabla ya mtu wa kundi lile. Sisi tuliuliza ni dakika ngapi zinaokolewa.
>
> Unapoandika, anza na Jedwali la 4. Kubali kosa, onyesha marekebisho, taja ukurasa. Ukishamkubalia pale alipo na haki, atakusikiliza pale asipo nayo.

Basi ndiyo hiyo. Nataka maoni kabla sijatuma, tuna siku kumi na mbili.

---

Thelathini_Tosha

Barua nzuri lakini msimamizi anazunguka mno. Nadharia ya kikomo cha kati ipo, imethibitishwa, watu 87 wanatosha. Mimi nilijibu kwa sentensi moja tu na makala ikapita. Mhakiki ukimpa majedwali mengi anapata pa kushika.

---

KalamuNyekundu

Mkuu hapo juu, nusu uko sahihi. Nadharia ipo, ila inazungumzia sampuli inayokua bila kikomo, haikuambii 87 ni mbali kiasi gani na huko. Ndiyo maana msimamizi kamtaka aonyeshe. Na hilo la Jedwali la 4 nadharia yako hailigusi kabisa. Hata ukikusanya watu milioni moja, muda wa mtu mmoja utabaki na umbo lake lilelile lililoinama.

Mimi huwa nahakiki, si hii makala, msiniangalie vibaya. Jibu la sentensi moja linalotaja 30 ninaliona kila mara. Huwa sikatai makala kwa ajili yake, lakini huanza kusoma kurasa nyingine kwa jicho kali zaidi.

---

Daftari_la_Njano

Naomba kuuliza wakuu, mimi data zangu ni za dodoso, watu wanachagua 1 hadi 5, "nakubali kabisa" mpaka "sikubali kabisa". Shapiro-Wilk inakataa kila swali. Nifanye logarithimu kama huyu dada?

---

BiMizani

@Daftari_la_Njano hapana, usifanye logarithimu. Kitu chenye ngazi tano hakiwezi kuwa na umbo la kengele hata ukikiombea dua, kwa hiyo kipimo kinakuambia ulichokijua tayari. Fungua uzi wako ueleze unajumlisha maswali au unalichambua kila swali peke yake, tutakuja. Hapa tutapotezana.

Sasa kwa Mabaki87. Barua nimeipenda, hasa kwa kutenganisha wastani na mtu mmoja. Nitaongeza jambo moja ambalo msimamizi wako amelipitia haraka. HC3 haitibu umbo la kengele. Imetengenezwa kwa tatizo jingine, kwamba mtawanyiko wa mabaki si sawa kila mahali. White alilifungua hilo mwaka 1980 na HC3 ikafuata miaka michache baadaye kwa ajili ya sampuli ndogo. Ukiandika kwenye jibu kwamba "tumetumia HC3 kwa kuwa data si za kawaida", mhakiki mjuzi atakurudishia.

Ila nadhani msimamizi alikuwa na sababu. Muda una tabia moja: wanaochelewa hutofautiana sana kuliko wanaowahi. Chora mabaki dhidi ya thamani zilizotabiriwa. Ukiona nukta zinapanuka kama tarumbeta kuelekea kulia, basi mtawanyiko haulingani, na hilo lina madhara kwa masafa yako kuliko mkia wa Q-Q. Hapo HC3 ina kazi, na uiseme kwa kazi yake. Kama unatumia R:

```
m <- lm(dakika ~ kundi + alama, data = d)
plot(fitted(m), resid(m))
qqnorm(resid(m)); qqline(resid(m))
library(sandwich); library(lmtest)
coefci(m, vcov. = vcovHC(m, type = "HC3"))
```

---

Mabaki87

Asante dada BiMizani. Nimechora sasa hivi. Ni tarumbeta kweli, si kubwa lakini ipo. Nikichora kwa logarithimu inanyooka. Kumbe kwenye rasimu mpya nilikuwa nimeshaandika sentensi ileile uliyonionya, nimeifuta.

---

Jembe_Butu

Mimi ningewaondoa wale wanne tu. Nilikuwa na watu watatu wa namna hiyo kwenye uzamili wangu, nikawatoa, Shapiro-Wilk ikatoka 0.31, kila mtu akafurahi.

---

KalamuNyekundu

Na uliandika kwenye makala kwamba umewatoa?

---

Jembe_Butu

Kwenye maelezo chini ya jedwali, ndiyo. Kwa herufi ndogo.

---

BiMizani

Ndugu Jembe_Butu, fikiria kidogo. Kazi ni kupima njia ipi inawahisha watu. Anayechelewa mno ndiye habari yenyewe. Mabaki87, hao wanne wako kundi gani?

---

Mabaki87

Watatu njia ya zamani, mmoja njia mpya. Nimerudi kwenye fomu zao. Mmoja wa njia ya zamani kuna maandishi ya msaidizi pembeni kwamba kifaa kilizimika akaanza upya. Wengine hawana kasoro yoyote, walichelewa tu.

---

BiMizani

Basi huyo wa kifaa ni kisa cha pekee, na sababu yake ilikuwepo kwenye fomu kabla ya hesabu. Fanya uchambuzi pamoja naye na bila yeye, ripoti zote mbili. Hao watatu wengine wabaki. Ukiwatoa wa njia ya zamani kwa kisingizio cha umbo, unaipunguzia njia ya zamani mzigo wake mwenyewe, na tofauti yako itapungua bila sababu. Ingekuwa wako upande wa pili ungekuwa unajipendelea, na usingegundua.

---

Thelathini_Tosha

Sawa, nimeelewa la Jedwali la 4, hilo nakubali. Lakini bado sielewi kwa nini asipime Shapiro-Wilk kwanza, ikikataa atumie Mann-Whitney, ikikubali atumie t. Sisi tulifundishwa hivyo darasani na ni utaratibu safi.

---

KalamuNyekundu

Wengi tulifundishwa hivyo. Ubaya wake ni kwamba data zilezile zinachagua kipimo halafu zinapimwa nacho, na ile 5% uliyoahidi ya kukosea haibaki 5%. Pia utaratibu huo unakuacha peke yako pale unapouhitaji: sampuli ikiwa ndogo, ambapo umbo lina madhara, Shapiro-Wilk haina nguvu ya kukataa, unaruhusiwa kuendelea. Sampuli ikiwa kubwa, ambapo umbo halina madhara sana kwa wastani, inakataa, unazuiwa.

Lakini na mimi nina ugomvi na barua. Kama tarumbeta ipo, kama logarithimu inanyoosha kila kitu, na kama muda kwa asili yake hauwezi kushuka chini ya sifuri, kwa nini matokeo makuu yabaki kwa dakika? Ningekuwa mhakiki ningeuliza hivyo. Modeli moja kwa matokeo makuu na nyingine kwa Jedwali la 4 ndani ya makala moja inanikera.

---

BiMizani

Mimi niko na msimamizi. Mkufunzi anapanga ratiba kwa dakika. Akiwa na watu 40, dakika 6.2 kwa kila mmoja anajua atafanya nini nazo. Asilimia 82 ya kitu gani? Ya mtu wa katikati. Ukirudisha logarithimu kwenye dakika hupati wastani tena, unapata kitu kilicho karibu na thamani ya kati, na jumla ya muda haitokani na thamani ya kati. Halafu kuna mpango wa utafiti. Ukibadilisha matokeo makuu baada ya kuona data, mhakiki wa kwanza naye atakuja na fimbo yake.

---

KalamuNyekundu

Mpango wa utafiti nakubali, hapo umenibana. La wastani bado nina shaka, kwa sababu njia mpya inaelekea kuokoa zaidi kwa wanaochelewa kuliko wanaowahi, na 6.2 inawapa wote sawa. Lakini hilo ni suala la modeli, umbo la kengele limeingia kwa bahati tu. Tuliache.

---

Msafara

Samahani nimechelewa, nimesoma uzi wote. Nina swali dogo kwa mwanzisha uzi. Hao watu 87 walifundishwa mmoja mmoja au kwa vikundi?

---

Mabaki87

Kwa vikundi mkuu. Vilikuwa 12, kila njia vikundi sita, watu saba au wanane hivi kila kikundi. Kila kikundi na mkufunzi wake.

---

Msafara

Basi mhakiki amekushika mkono usiofaa. Rigresheni yako, HC3 yako na butstrapu yako, zote zinadhani kila mtu anasimama peke yake. Watu saba waliofundishwa na mkufunzi mmoja wanafanana kuliko watu saba wa kuokota. Umbo la kengele likikosekana kidogo masafa yako hayatikisiki, umeyaona mwenyewe, matatu yanakaribiana. Hili la vikundi linaweza kuyatikisa.

Piga hesabu ya haraka. Kosa lako sanifu ni kama 2.1. Tuseme ufanano ndani ya kikundi ni 0.05, na vikundi ni vya watu saba. Mtawanyiko unaongezeka mara 1 + 6 × 0.05, yaani 1.3, na kosa sanifu linapanda hadi 2.4. Vikundi vikiwa 12 unatumia kizidishio cha 2.23 badala ya 1.99. Masafa yanakuwa takriban 0.9 hadi 11.5. Bado uko salama. Ufanano ukiwa 0.15, kosa sanifu linafika 2.9 na masafa yanavuka sifuri.

---

Thelathini_Tosha

Duh.

---

KalamuNyekundu

Nimehakiki makala za watu kwa miaka na hapa nimebishana logarithimu kurasa nzima bila kuuliza hilo. Msafara uko sawa. Hata butstrapu inabidi ichote vikundi vizima badala ya mtu mmoja mmoja, na kwa vikundi 12 tu hata hiyo si ya kuaminika sana.

---

Jembe_Butu

Lakini mhakiki hajauliza. Kwa nini ajichongee? Ajibu alichoulizwa atoke.

---

BiMizani

Jedwali la 4 pia mhakiki hakuliuliza.

Mabaki87, umefanya modeli yenye vikundi ndani? Mchanganyiko, mkufunzi akiwa sehemu ya nasibu?

---

Mabaki87

Sijafanya. Nimempigia msimamizi simu, nikamsomea hesabu ya Msafara. Akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza kama kwenye faili la data kuna safu ya mkufunzi. Haipo. Tulipoingiza data tuliandika njia tu, "mpya" au "zamani". Ameniambia nitafute madaftari ya mahudhurio, kila jina nilirudishe kwenye kikundi chake, na nimwandikie mhariri leo kuomba wiki tatu zaidi.

Nimeshapata madaftari tisa kati ya 12.